Kufupisha Hotuba ya Kisiasa Bila Kuegemea Upande: Ahadi, Taarifa na Balagha

Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: kuchukua andiko kamili la hotuba ya kisiasa na kulifupisha kwa namna ambayo msomaji ataona mzungumzaji aliahidi nini, alieleza nini kama jambo la kweli, na wapi alikuwa akitumia lugha ya kushawishi. Nitatumia hotuba moja tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni ile aliyoitoa Rais John Pombe Magufuli mjini Dodoma tarehe 20 Novemba 2015 alipofungua Bunge la 11 la Tanzania. Nimeichagua kwa sababu imebeba aina zote tatu za kauli kwa wingi, tena mara nyingi ndani ya aya moja, na kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili bado wanaikumbuka, wengine kwa mapenzi na wengine kwa uchungu. Hotuba ambayo kila mtu tayari ana maoni juu yake ndiyo kipimo kizuri cha mfupishaji.

Kwanza, neno moja kuhusu majina ya makundi yetu. Watu wengi huliita kundi la pili "madai", na mimi nililiita hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi naliita "kauli za taarifa", kwa kuwa katika masikio ya Mswahili neno "dai" limeshabeba shaka. Ukiandika kwamba mtu fulani anadai jambo, umekwisha kumnong'oneza msomaji asiamini. Balagha nayo ni maneno yote yanayolenga kugusa hisia au kuvuta upande, yasiyoweza kupimwa kuwa ni kweli au si kweli, wala kutekelezwa kama ahadi.

Hatua ya kwanza: kupata andiko sahihi

Hotuba moja huwa na maandiko zaidi ya moja. Kuna nakala inayogawiwa kwa waandishi kabla mzungumzaji hajapanda jukwaani, kuna maneno aliyoyatamka kweli, na kwa hotuba za Bunge kuna Taarifa Rasmi, yaani Hansadi. Rais au mgombea anaweza kuruka aya nzima ya nakala iliyogawiwa au kuongeza mambo ambayo hayakuandikwa. Amua mapema unafupisha lipi, ulitaje juu ya muhtasari wako pamoja na tarehe, mahali na tukio, na usichanganye mawili bila kumweleza msomaji.

Katika Hansadi utakutana na maneno kama "Makofi" au "Kicheko" yaliyowekwa kwenye mabano. Hayo si sehemu ya hotuba. Usiyatumie kuonyesha kwamba kauli ilikubalika, kwa kuwa andiko halikuambii nani alipiga makofi na nani alinyamaza. Siku ile ya Novemba wabunge wa upinzani walitoka ukumbini kabla ya hotuba kuanza, wakipinga hali ya kisiasa iliyokuwapo Zanzibar, kwa hiyo makofi yaliyorekodiwa yalikuwa ya waliobaki. Kutoka kwao ni tukio la kweli na linastahili kutajwa, lakini litajwe katika sentensi ya utangulizi inayoeleza mazingira, wala lisisukwe ndani ya muhtasari wa maneno ya mzungumzaji.

Ukishapata andiko, lipe kila sentensi namba. Kazi hii inachosha, lakini bila namba hutaweza kurudi kukagua, na mtu asiyekubaliana nawe hatakuwa na pa kukuonyesha kosa lako.

Hatua ya pili: kuikata sentensi mahali aina inapobadilika

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuitia sentensi nzima katika kundi moja. Mwanasiasa mzoefu haongei hivyo. Huanza na taarifa, hupita kwenye balagha na kumalizia kwa ahadi kabla hajavuta pumzi. Kwa hiyo kipimo chako kiwe kishazi, si sentensi.

Tazama sehemu ya hotuba ile iliyohusu safari za nje. Rais alisema kuwa katika miaka ya fedha 2013/2014 na 2014/2015 Serikali na taasisi zake zilitumia jumla ya shilingi bilioni 356.324 kwa safari za nje ya nchi. Akaigawa jumla hiyo mara tatu: tiketi za ndege bilioni 183.160, mafunzo nje ya nchi bilioni 68.612 na posho za kujikimu bilioni 104.552. Kisha akasema kwamba fedha hizo zingetosha kujenga barabara za lami za kilometa 400, na akauliza zingejenga zahanati ngapi, nyumba za walimu ngapi na kununua madawati mangapi. Katika sehemu hiyo hiyo alieleza kuwa safari hizo zitadhibitiwa.

Hapa kuna vipande vinne vya aina tofauti. Takwimu za matumizi ni kauli ya taarifa, maana zina kiasi, kipindi na mgawanyo, na mtu anaweza kwenda kuzilinganisha na hesabu za Serikali. Maswali ya zahanati na madawati ni balagha, kwa kuwa hakuna aliyetarajiwa kusimama na kujibu. Kudhibiti safari ni ahadi. Kipande cha kilometa 400 ndicho kigumu, na nitakirudia.

Weka alama pembeni mwa kila kishazi: A kwa ahadi, T kwa taarifa, B kwa balagha. Ongeza alama ya nne, labda S, kwa vishazi ambavyo huna hakika navyo, na usione haya kuitumia. Ukiona hotuba nzima haina S hata moja, rudia kuisoma, kwa kuwa huenda umekuwa ukilazimisha.

Hatua ya tatu: kupima ahadi kwa kitenzi chake

Kiswahili kinatusaidia sana hapa iwapo tutakuwa makini na viambishi. Wengi hudhani kila kitenzi chenye "-ta-" ni ahadi. Sivyo. "Tutajenga" ni ahadi, lakini "tutaangalia uwezekano wa kujenga" ni ahadi ya kuangalia tu, na "mtaona mabadiliko" ni utabiri. "Serikali imedhamiria kujenga" inaeleza nia. "Tunaendelea kujenga" ni taarifa, kwa kuwa inasema jambo tayari linafanyika, na mtu anaweza kwenda kutazama. "Zingejenga" haiahidi chochote, maana "-nge-" huzungumzia lililowezekana lakini halikutendeka. Kauli ya kutendwa, kama "itajengwa", humficha mtendaji, kwa hiyo katika muhtasari usimtaje mtendaji ambaye mzungumzaji hakumtaja.

Kanuni ninayoishika ni kwamba kitenzi cha mzungumzaji hakibadilishwi uzito. Akisema "tutajitahidi", muhtasari useme aliahidi kujitahidi. Ukiandika kwamba aliahidi kutekeleza, umempa deni ambalo hakulikubali, na miaka mitatu baadaye atahukumiwa kwa maneno yako badala ya yake. Upande wa pili nao ni mbaya vilevile: akisema "nitafanya" nawe ukaandika kwamba alieleza nia ya kufanya, umemfutia deni alilolikubali mbele ya umma.

Baada ya kitenzi, uliza maswali matano: nani atatenda, atatenda nini, kwa kiasi gani, lini, na kwa sharti gani. Ambapo andiko halijibu, acha nafasi wazi au andika kwamba halikutajwa. Chukua ahadi ya elimu katika hotuba yetu. Rais alisema kuwa kuanzia Januari mwakani watoto watasoma bure kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Mtendaji ni Serikali, kiwango ni darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na muda ni "Januari mwakani", ambao katika muhtasari lazima uandikwe Januari 2016, kwa kuwa msomaji wa miaka ijayo hatajua "mwakani" ilikuwa lini. Fanya hivyo kwa kila neno la wakati linaloegemea siku ya hotuba: "leo", "mwezi uliopita", "katika siku zangu mia za kwanza".

Neno lenye shida ni "bure". Je, lilimaanisha kufutwa kwa ada pekee, au ada pamoja na michango, au hata sare na madaftari? Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 wiki moja baada ya hotuba ukifuta ada na michango, kisha Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukafafanua majukumu ya kila upande, mzazi akibaki na wajibu wa mambo kama sare na madaftari. Mfupishaji wa siku ya Novemba 20 hakuwa na nyaraka hizo. Alichopaswa kufanya ni kuliweka neno "bure" kama lilivyotamkwa. Angeandika kwamba wazazi hawatatoa gharama yoyote, angepanua ahadi. Angeandika kwamba ada pekee itafutwa, angeipunguza. Hata leo, tukiwa tunazijua nyaraka hizo, hatuna ruhusa ya kuzirudisha ndani ya hotuba iliyozitangulia.

Kuna pia ahadi inayotegemea mamlaka ya mtu mwingine. Rais alirudia katika hotuba ile ahadi ya kampeni ya kuwa na mahakama ya kushughulikia rushwa na ufisadi. Rais hawezi kuunda mahakama kwa tamko. Sheria hupita Bungeni, na kweli ilikuwa mwaka 2016 ambapo sheria ya uhujumu uchumi ilirekebishwa ili kuanzisha divisheni ya Mahakama Kuu kwa makosa hayo. Katika muhtasari, ahadi ya aina hii ibaki ahadi. Ukitaka msomaji ajue kuwa inahitaji sheria, weka maelezo hayo chini, katika sehemu ya mfupishaji, yakiwa yametengwa kabisa.

Hatua ya nne: kuandika taarifa bila kuithibitisha wala kuitilia shaka

Kazi ya muhtasari si kuamua kama taarifa ni kweli. Hiyo ni kazi ya uhakiki, ambayo ina mbinu zake. Lakini kuna ukaguzi mmoja ambao mfupishaji hawezi kuukwepa: kuhakikisha kwamba namba alizozinakili zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Jumlisha 183.160, 68.612 na 104.552, utapata 356.324 kamili. Mgawanyo unalingana na jumla, na hiyo ni dalili nzuri kwamba andiko limenakiliwa sawasawa. Haithibitishi kwamba fedha hizo zilitumika kweli. Ikiwa jumla hailingani, kosa mara nyingi ni la mnakili: nukta imehama, au "milioni" imeandikwa mahali pa "bilioni". Rudi kwenye rekodi ya sauti kabla hujamtuhumu mzungumzaji.

Turudi sasa kwenye kilometa 400. Ukigawa bilioni 356.324 kwa 400 unapata takriban shilingi milioni 891 kwa kilometa moja. Gharama ya barabara ya lami hubadilika kutegemea upana, madaraja na udongo wa mahali; ikiwa kilometa moja ni bilioni moja, fedha zile zinatoa kilometa 356 tu. Kauli hii basi ina mguu mmoja kwenye taarifa, kwa sababu inaweza kukokotolewa, na mguu mwingine kwenye balagha, kwa sababu imewekwa ili msikilizaji aone ukubwa wa fedha kwa macho ya rohoni. Mimi huipa alama ya S na katika muhtasari huiandika kama ulinganisho aliotoa mzungumzaji. Neno "ulinganisho" linasema ukweli juu ya kauli hiyo bila kuipandisha wala kuishusha.

Kuna aina ya taarifa inayowanasa hata waandishi wazoefu, nayo ni taarifa iliyoripotiwa. Katika hotuba ile Rais alitaja orodha ndefu ya kero ambazo alisema alizisikia kwa wananchi alipozunguka nchini wakati wa kampeni: migogoro ya ardhi, maji, umeme, bandari, ukusanyaji wa kodi, huduma za afya na nyingine nyingi. Anachokisema kama taarifa ni kwamba wananchi walilalamika. Ukifupisha kwa kuandika kwamba Rais alisema idara fulani imeoza, umegeuza malalamiko ya watu aliyoyasimulia kuwa hukumu yake mwenyewe. Weka ngazi zote mbili: alisema kwamba wananchi walimlalamikia kuhusu jambo fulani.

Hatua ya tano: kuchagua kitenzi chako mwenyewe

Nimetaja kitenzi cha mzungumzaji. Sasa ni zamu ya kitenzi cha mfupishaji, na hapa ndipo upendeleo hupenya bila mtu kukusudia. Magazeti yetu yamezoea "alibainisha", "alifichua", "alikiri", "alidai", "alijigamba". "Alifichua" na "alibainisha" humwambia msomaji kwamba jambo ni kweli na lilikuwa limefichika. "Alikiri" humaanisha kuna kosa. "Alidai" huleta shaka, na "alijigamba" ni matusi yaliyovaa suti. Nilipokuwa kijana chumba cha habari niliandika kuwa waziri mmoja "alifichua" takwimu ambazo kumbe zilikuwa zimechapishwa miezi mingi nyuma, na hadi leo sijalisahau kosa lile, kwa sababu kwa neno moja nilimfanya mtu aonekane shujaa kwa jambo ambalo kila mtu angeweza kulisoma.

Tumia "alisema" na "alieleza" kwa taarifa, "aliahidi" kwa ahadi iliyotimiza kipimo cha kitenzi, "aliagiza" kwa amri, na "aliomba" kwa ombi. Kurudiarudia "alisema" si dosari ya mtindo katika kazi hii.

Majina nayo yachungwe. "Mafisadi", "wanyonge" na "wazalendo" ni maneno ya mzungumzaji yenye hukumu ndani yake. Yaweke katika alama za kunukuu au eleza kwamba ni maneno yake. Yakishaingia katika sauti yako bila alama, umehamia jukwaani kwake.

Hatua ya sita: kuipa balagha nafasi yake

Wapo wanaoitupa balagha yote wakidhani wanaondoa makapi. Matokeo yake ni muhtasari unaoonekana kama bajeti, na msomaji haelewi kwa nini hotuba ilikumbukwa. Katika hotuba ya Dodoma Rais alifananisha kazi ya kupambana na rushwa na kutumbua majipu, akasema kuwa kutumbua kuna maumivu. Msemo huo uliingia midomoni mwa watu kwa miaka. Kuuacha ni kupotosha.

Namna ya kuuandika ni kutaja taswira yenyewe na kile inachozungumzia, kisha kusimama hapo. "Alifananisha hatua dhidi ya rushwa na kutumbua majipu" inatosha. Ukiongeza kwamba taswira hiyo ilikuwa ya kusisimua, umemsifu; ukiongeza kwamba ilikuwa ya kutisha, umemlaumu. Maombi ya kuombewa na salamu za viongozi huingia hapa pia, nayo yanatosha sentensi moja.

Hatua ya saba: kuandika na kukagua

Sehemu ya hotuba tuliyoishughulikia ingefupishwa hivi:

"Ahadi. Rais aliahidi kwamba kuanzia Januari 2016 watoto watasoma bure kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Alirudia ahadi ya kampeni ya kuwa na mahakama ya kushughulikia rushwa na ufisadi. Alisema safari za nje za watumishi zitadhibitiwa.

Taarifa. Alisema safari za nje ziligharimu shilingi bilioni 356.324 katika miaka ya fedha 2013/2014 na 2014/2015, na alizigawa katika tiketi, mafunzo na posho. Alisema kuwa wakati wa kampeni wananchi walimweleza kero zao kuhusu ardhi, maji, umeme, bandari, kodi, afya na mambo mengine.

Balagha na ulinganisho. Alilinganisha fedha za safari na ujenzi wa kilometa 400 za lami, akauliza zingejenga zahanati na nyumba ngapi. Alifananisha hatua dhidi ya rushwa na kutumbua majipu."

Sasa ukaguzi. Badilisha jina la mzungumzaji na uweke la mwanasiasa usiyempenda, kisha usome tena. Ukijikuta unataka kubadilisha kitenzi, kitenzi hicho ndicho chenye tatizo. Halafu hesabu alama zako: ikiwa theluthi moja ya vishazi vya hotuba ni ahadi na muhtasari wako umejaa takwimu peke yake, umechagua badala ya kufupisha.

Ukaguzi wa mwisho unahusu mambo ya kweli uliyoyaongeza. Miaka ya fedha iliyotajwa ilikuwa ya serikali iliyotangulia, na Magufuli alikuwa Waziri wa Ujenzi katika serikali hiyo. Ni ukweli usiobishaniwa. Lakini ukiuweka katikati ya muhtasari baada ya takwimu za safari, unakuwa umemjibu mzungumzaji, na ukiongeza badala yake kwamba alikuwa Ikulu kwa siku 15 tu, unakuwa umemtetea. Vyote viwili vinaweza kuwa na nafasi katika makala ya uchambuzi. Katika muhtasari, ikiwa msomaji kweli anavihitaji, viende pamoja katika maelezo ya mfupishaji chini ya andiko, vikiwa na uzito sawa, pamoja na namba za sentensi ulizozitumia ili yeyote aweze kufungua andiko na kukusahihisha.